Afisa "huhakikisha", meneja naye "huhakikisha"

Karatasi niliyopewa ilikuwa na safu tano. Juu ya kila safu paliandikwa cheo: Afisa Mikopo, Afisa Mikopo Mwandamizi, Mkuu wa Kitengo, Meneja, Meneja Mwandamizi. Chama ni cha akiba na mikopo, kiko hapa Moshi, na jina lake halina kazi katika habari hii. Walikuwa wamemlipa mtu awaandikie mwongozo wa umahiri, yaani waraka unaosema mtumishi wa kila ngazi anatakiwa aonekane akifanya nini. Mimi niliitwa mwishoni, eti "ninyooshe Kiswahili".

Nikafika mstari wa ufuatiliaji wa mikopo. Afisa: "Hufuatilia mikopo kwa usahihi." Mwandamizi: "Hufuatilia mikopo kwa usahihi na ufanisi." Mkuu wa Kitengo: "Huhakikisha mikopo inafuatiliwa kwa ufanisi mkubwa." Meneja: "Huhakikisha ufuatiliaji madhubuti wa mikopo." Meneja Mwandamizi: "Huhakikisha ufuatiliaji wa kimkakati wa mikopo."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa. Tatizo ni kwamba hizo sentensi tano ni moja, imeongezwa chumvi mara nne.

Ugonjwa huu nimeukuta Arusha kwenye mashirika, nimeukuta kwenye kampuni za utalii, na fomu za serikali zilikuwa na wa kwao. Fomu ya OPRAS ya kuwapima watumishi wa umma, iliyoanza kutumika mwaka 2004, kabla ya mfumo wa PEPMIS kuchukua nafasi yake, ilikuwa na sehemu ya sifa za utendaji bora: mahusiano kazini, mawasiliano, uwajibikaji, uadilifu na nyinginezo. Sifa zilikuwa zilezile kwa kila anayejaza, kisha mnapeana namba. Aliyeanza kazi jana na aliyebakiza miaka miwili astaafu walipimwa kwa neno moja, "mawasiliano", na kila msimamizi akalitafsiri kichwani mwake. Waraka wa yule jamaa ulijaribu kuliponya hilo kwa kuweka ngazi. Ila ngazi zenyewe zilitofautiana kwa vielezi tu, na kielezi hakimwambii mtu afanye nini kesho asubuhi.

Nikamwambia meneja tufanye jaribio dogo kabla sijagusa koma. Tukazikata zile sentensi vikaratasi, tukafuta vyeo, tukavichanganya. Tukaita watu sita: maafisa mikopo wawili, mkuu wa kitengo, mhasibu, meneja wa tawi na mjumbe mmoja wa bodi. Kila mmoja peke yake, bila kuchungulia, arudishe kila kikaratasi kwenye cheo chake.

Jaribio hilo si langu. Mwaka 1963 watafiti wawili, Smith na Kendall, walichapisha namna ya kutengeneza vipimo vya utendaji kwa kazi ya uuguzi. Wauguzi wenyewe waliandika mifano ya mwenendo kazini, kisha kundi jingine la wauguzi likapewa mifano hiyo ikiwa imechanganywa, liirudishe kwenye sifa ilikotoka. Mfano ambao watu hawakubaliani unatoka wapi ulitupwa. Hoja yao ni rahisi: kama wanaoijua kazi hawawezi kuutambua, msimamizi mwenye haraka mwezi wa sita ataukisia tu.

Matokeo yetu yalichekesha kidogo. Kikaratasi cha kwanza wote sita walikiweka kwa afisa, maana ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote. "Huhakikisha mikopo inafuatiliwa kwa ufanisi mkubwa" kiligawanyika wawili, wawili, wawili: kwa mwandamizi, kwa mkuu wa kitengo, kwa meneja. Na chenye neno "kimkakati" wote sita walikiweka juu kabisa.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonifikirisha. Kimefaulu jaribio, ila kimefaulu kwa harufu. Neno "mkakati" linanuka cheo kikubwa, kwa hiyo mtu anajua pa kuliweka hata kama hajui linaelezea kitendo gani. Tangu siku ile, kabla ya kuchanganya vikaratasi nafuta kwanza maneno yote yanayonuka cheo: mkakati, maono, dira, ya taasisi nzima, ya ngazi ya juu. Kama sentensi haina kitu baada ya kufutiwa hayo, basi haikuwa na kitu tangu mwanzo.

Kisha kuna kitenzi "kuhakikisha". Katika nyaraka za ofisi za kwetu hiki ndicho kitenzi kinachobebeshwa mizigo yote, pamoja na nduguze "kusimamia" na "kuratibu". Kinakubaliwa na kila mtu kwa sababu hakimshiki yeyote. Afisa akipiga simu, amehakikisha. Meneja akimwambia afisa apige simu, naye amehakikisha. Mkurugenzi akiuliza kwenye kikao kama simu zilipigwa, basi amehakikisha kuliko wote. Ninapokikuta namuuliza mwandishi: huyu mtu, saa nne asubuhi, mikono yake inafanya nini? Jibu lake huwa ndiyo sentensi iliyokuwa inatafutwa.

Hata neno "tabia" lina mtego wake. Kitaalamu wanasema viashiria vya tabia, lakini mtu wa Majengo au Kiborloni ukimwambia unapima tabia anajua unapima kama kijana analewa, anasalimia wakubwa, anaonekana kanisani au msikitini. Nimesoma fomu ambayo chini ya "tabia za ngazi ya kwanza" msimamizi ameandika: "Ni kijana mpole, hana makuu." Hakukosea Kiswahili, alijibu swali lililoandikwa. Mimi siku hizi naandika "vitendo vinavyoonekana", na maoni ya upole yamepungua sana.

Tukaanza upya. Safari hii hatukuanza na sentensi, tulianza na visa. Hii nayo ni njia ya zamani: mwanasaikolojia John Flanagan aliieleza mwaka 1954, baada ya kuitumia kwa marubani wa kijeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Humuulizi mtu afisa bora ana sifa gani, maana atakutajia uadilifu na kujituma. Unamwambia akusimulie mara ya mwisho mkopo ulipomsumbua: nini kilitokea, nani alifanya nini, ikaishaje. Unakusanya vya waliofanya vizuri na vya walioharibu.

Afisa mmoja, kijana anayezunguka Uru na Kibosho kwa bodaboda, alinipa kisa hiki. Mwanachama mmoja alikuwa amechelewesha marejesho mawili. Simu haipokelewi. "Dada, nilipanda mwenyewe," akasema. "Nikamkuta amelazwa, mkewe ndiye yuko kihambani. Sikumdai mama wa watu. Nilimuuliza tu kahawa imeuzwa au bado, nikaambiwa malipo hayajaingia. Nikaandika kwenye faili siku hiyohiyo, nikawapigia wadhamini wawili wajue. Mama aliniomba nimwahidi riba itasamehewa. Nikamwambia hilo si langu, nitalipeleka."

Mle ndani mna vitendo vinne vya ngazi ya afisa, na hakuna hata kimoja ambacho mwongozo wa kwanza ulikitaja. Alikwenda kutafuta sababu kabla ya kudai. Aliandika alichokikuta siku hiyohiyo, kikiwa bado cha moto. Aliwajulisha wadhamini mapema, na wadhamini katika chama cha akiba na mikopo si watu wa kuweka sahihi tu, akiba zao ndizo zilizofungwa. Na hakuahidi asichokuwa na mamlaka nacho. Hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ni kitendo cha kutokufanya jambo, na miongozo mingi husahau kwamba afisa mzuri anaonekana pia kwa mpaka asiouvuka.

Mwandamizi alikuwa na kisa cha namna nyingine. Aliona kwenye orodha ya waliochelewa majina saba ambayo yeye hana shida na hata moja, kila mmoja ana sababu yake nzuri. Ila alipokaa na mafaili akagundua watano kati ya hao wamedhaminiana wenyewe kwa wenyewe, A kamdhamini B, B kamdhamini C, mpaka inarudi kwa A. Mmoja akianguka, dhamana ya wote ni hewa. Hakuna aliyemtuma atafute hilo.

Hapo ndipo nilipopata uzi wa kuzifunga ngazi zote tano, na uzi wenyewe ni swali moja: tatizo linatoka wapi? Afisa analetewa tatizo, nalo lina jina na namba ya mwanachama. Mwandamizi analitafuta mwenyewe katikati ya mambo yanayoonekana hayahusiani. Mkuu wa kitengo anaamua nani abebe lipi, na lipi lisibebwe kwa sasa. Meneja anabadilisha utaratibu uliolizaa. Meneja mwandamizi anaamua ni matatizo ya aina gani chama kikubali kuwa nayo, kisha anakaa na uamuzi huo miaka.

Muda nao unasaidia kupima. Elliott Jaques, Mkanada aliyefanya utafiti kwenye kiwanda cha Glacier Metal jijini London, alipendekeza uzito wa kazi upimwe kwa jukumu refu kuliko yote ambalo mtu ameachiwa kabla kosa lake halijaweza kuonekana. Kwa ngazi ya chini kabisa ni hadi miezi 3, inayofuata hadi mwaka, kisha miaka 2, kisha 5. Wengi wamempinga, na namba zake sizichukulii kama msahafu. Lakini kwa kazi ya mikopo zinaeleweka: afisa akikosea ziara moja utajua mwisho wa mwezi. Meneja akipanga marejesho ya kila mwezi kwa wakulima wanaopata fedha mara moja kwa msimu, utajua mwakani. Aliyeamua robo tatu ya mikopo iende kwenye kahawa peke yake, atajulikana mwaka ambao bei itaanguka, na huenda atakuwa ameshastaafu na kuagwa kwa mbuzi.

Basi mstari ule ukaandikwa hivi, na naunukuu wote kwa sababu maneno ndiyo kazi yenyewe.

Afisa: "Humtembelea au humpigia mwanachama aliyechelewa ili kujua sababu kabla ya kudai, huandika alichokikuta siku hiyohiyo, haahidi nafuu iliyo nje ya mamlaka yake."

Mwandamizi: "Hulinganisha mafaili ya waliochelewa na kuonyesha kinachowaunganisha, kwa mfano mwajiri mmoja, mnunuzi mmoja au wadhamini walewale, humchukua afisa mpya kwenye ziara ngumu na kumwachia azungumze."

Mkuu wa Kitengo: "Huamua mafaili yapi yafuatwe kwanza na huwaeleza maafisa kwa nini, hutoa nafuu ndani ya kiwango alichopewa na kuandika sababu, hukataa ombi la nafuu la mtu mwenye jina kwa vigezo vilevile vya asiye na jina."

Meneja: "Hubadilisha masharti au ratiba ya mkopo inaposababisha ucheleweshaji, na hueleza bodi gharama ya badiliko hilo kabla halijaanza."

Meneja Mwandamizi: "Huweka kikomo cha fedha zinazoweza kutegemea zao moja au mwajiri mmoja, huipa bodi habari mbaya kabla haijaisikia mtaani, husimamisha aina ya mkopo isiyolipa hata kama aliianzisha yeye."

Angalia kiambishi "hu-". Nimekitumia kwa makusudi. "Anaandika" inaweza kuwa sasa hivi, "ameandika" ni mara moja, "huandika" ni mazoea, na umahiri ni mazoea. Msimamizi akiona kisa kimoja tu hana haki ya kuweka alama hapo. Akiona vitatu vya miezi tofauti, anayo. Kiswahili kimetupa kipimo hiki bure, halafu tunaandika "awe na uwezo wa kuandika", maneno yasiyothibitika mpaka siku ya kiama. Nani hana uwezo wa kuandika?

Angalia pia kwamba sentensi ya afisa si sentensi ya meneja iliyopunguzwa. Katika miongozo mingi ngazi ya kwanza huandikwa kwa upungufu: "ana uelewa wa awali", "anahitaji kusimamiwa". Hiyo inamfanya afisa mzuri wa mwaka wa pili aonekane mgonjwa anayesubiri kupona. Na juu nako kuna kosa la upande wa pili. Meneja anayeendelea kumpigia simu kila mdaiwa hajaongeza umahiri, amebaki afisa mwenye ofisi kubwa. Kwa hiyo tunachukulia kwamba vya chini anavijua, lakini hatumpi alama kwa kuvifanya yeye.

Mwenye jicho atauliza: mbona sentensi ya afisa ina vitendo vitatu? Ni kweli, na hapo nimewarahisishia watakaousoma mwongozo ukibandikwa ukutani. Kwenye fomu ya kupimia kila kitendo kina mstari wake. Ukiwaachia "hutembelea, huandika na haahidi" kwenye kisanduku kimoja, afisa anayetembelea vizuri ila haandiki atapewa namba ya katikati, na namba hiyo haitamwambia yeyote kinachokosekana ni nini.

Hatukuandika pia "ndani ya siku 3" au "asilimia fulani ya mikopo". Siku ni za utaratibu wa kazi, asilimia ni za malengo ya mwaka, na zote zinabadilika bodi ikibadilika. Tena afisa wa eneo la mishahara na afisa wa eneo la kahawa hawawezi kupata asilimia moja hata wakifanya vitendo vilevile. Wanaochanganya hivyo viwili huishia kumwita mahiri aliyepewa mtaa mzuri.

Jaribio la pili lilikuwa na vikaratasi 15, vitatu kwa kila ngazi. Kumi na moja vilirudi mahali pake kwa watu watano au wote sita. Vinne vilikataa. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa makosa yangu ya kuandika. Cha nne kilisema: "Huzungumza na wadhamini kabla deni halijakua." Maafisa wote wawili wakasema hiki chetu. Meneja wa tawi akakiweka kwa mwandamizi, tena kwa nguvu.

"Mimi afisa mpya simruhusu kumgusa mdhamini," akasema.

Mkuu wa kitengo akamtazama. "Lakini mzee, wanawapigia kila siku."

"Nani kawaambia?"

Kimya. Ikabidi tuache vikaratasi tuzungumze kazi. Kumbe kwa miaka kadhaa tawi moja lilikuwa linafanya hivi na jingine vile, na wanachama walikuwa wanalijua hilo kuliko ofisi. Mambo kama haya huwezi kuyaponya kwa kuchagua kitenzi kizuri. Watu wanaoijua kazi wakikataa kukubaliana juu ya sentensi iliyo wazi, kuna mamlaka ambayo hayajagawanywa, na mwongozo hauna ruhusa ya kuyagawa kimyakimya. Kikaratasi hicho tulikiweka kando mpaka meneja alipotoa maelekezo, na maelekezo yakawa kwamba afisa anaruhusiwa, ila baada ya kuandika kwenye faili.

Kuna mahali mwongozo wenyewe unapokwama, na sijapata dawa yake. Tawi lao la njia ya kuelekea Himo lina watu wanne. Afisa wa pale hana mwandamizi wa kumtazama, kwa hiyo analinganisha mafaili mwenyewe, anamfundisha mwenzake mpya mwenyewe. Vitendo vya ngazi ya pili anavifanya kila wiki, kwa mshahara wa ngazi ya kwanza, kwa sababu tawi hilo halina nafasi ya mwandamizi. Mwongozo wa zamani wenye "usahihi na ufanisi" haukumsumbua mtu, maana hakuna aliyeweza kuthibitisha chochote nao. Wetu ulimpa ushahidi.

Alikuja na karatasi yake siku ya kikao cha kuuzindua, amepiga tiki kwa peni ya kijani. Visa vitatu kwa kila kitendo, tarehe na namba za mafaili.

"Dada, uliandika wewe hapa. Hulinganisha mafaili, ninalinganisha. Humchukua afisa mpya, nimemchukua. Sasa mimi ni nani?"

Meneja akamjibu vizuri, nadhani kwa haki aliyokuwa nayo: cheo ni nafasi, umahiri ni mtu, na nafasi huzaliwa na bajeti. Jioni ile tuliongeza aya moja kwenye ukurasa wa kwanza, kwamba mwenye ushahidi wa mwaka mzima wa vitendo vya ngazi inayofuata ataingizwa kwenye orodha na atasailiwa kwanza nafasi ikipatikana. Tukamsomea kijana.

Akaisoma tena mwenyewe, kidole kikifuata mstari. "Nafasi ikipatikana," akasema. "Na hii 'ikipatikana', dada, ni kitendo cha nani?"